Kamba ya Nyuzi Tatu Kutoka Mstari Mmoja

Itazame kwa karibu kamba nene ya katani, ile inayofungia majahazi gatini. Ni nyuzi kuu tatu zilizosokotwa pamoja, na kila uzi unapanda juu ya mwenzake kwa mshazari ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Anayetaka kuiweka kamba ya namna hiyo katika picha ya kompyuta hana haja ya kuchonga uzi mmoja mmoja. Katika programu ya Blender anachora mstari mmoja tu unaopita pale kamba itakapopita, kisha anataja mambo matatu: unene wa kamba, mahali unene huo unapopungua, na kiasi cha kusokota. Mengine hukokotolewa na programu yenyewe.

Blender ni programu ya bure ya kutengeneza picha na filamu za pande tatu. Ndiyo iliyotumika kutengeneza Flow, filamu ya Latvia iliyoshinda Oscar ya katuni ndefu mwaka 2025. Waya, bomba na kamba ni miongoni mwa vitu ambavyo wanaoanza hujaribu mapema, na waya huwatii bila shida. Kamba ndiyo inayowakwamisha. Wanaisokota, nayo inajifinya kila baada ya sentimita kadhaa, au inasokoteka kinyume na walivyoamuru. Chanzo cha kasoro hizo mbili ni kimoja, na akikijua mtu ataweza kukadiria hesabu ya kamba yake kabla hajagusa kipanya.

Mstari na pete zake

Mstari unaoitwa Curve hauna unene wowote. Una nukta chache za kuongoza, na kila nukta ina mikono miwili inayoamua mstari uingie na kutoka kwa mwelekeo gani. Kati ya nukta moja na inayofuata, Blender hukigawa kipande hicho katika hatua ndogo ndogo zilizonyooka. Idadi ya hatua husomeka katika kisanduku cha Resolution Preview U, na Blender huanza na 12.

Ukiupa mstari unene, Blender husimamisha pete kwenye kila hatua, zikapangana kama bangili mkononi. Halafu huunganisha kila nukta ya pete moja na nukta yenzake kwenye pete inayofuata kwa mstari ulionyooka, na hiyo ndiyo ngozi tunayoiona. Kwa hiyo kila mpangilio tutakaoutaja hapa unazihusu pete: ukubwa wake, umbo lake, jinsi zinavyopungua, jinsi zinavyozungushwa, na juu ya yote, wingi wake.

Anza na waya

Bonyeza Shift+A, chagua Curve kisha Bezier. Utapata mstari wenye nukta mbili, ambazo ziko umbali wa mita 2 moja kutoka kwa nyingine. Katika safu ya mipangilio iliyo upande wa kulia, fungua ukurasa wenye alama ya kijani ya mstari uliopinda. Humo kuna sehemu ya Geometry, na ndani yake sehemu ndogo ya Bevel. Acha Round ikiwa imechaguliwa, kisha kwenye Depth andika 3mm. Mstari umekuwa waya.

Namba ya Depth hupimwa kutoka katikati ya waya hadi ukingoni. Ukiandika 3mm unapata waya wenye kipenyo cha milimita 6. Anayesahau jambo hili hupata bomba nene mara mbili ya alivyokusudia, na huligundua pale linapokataa kupenya kwenye tundu aliloliandaa.

Chini ya Depth kuna Resolution nyingine, ambayo si ile ya hatua za mstari. Hii inahesabu pande za pete. Ikiwa 0, pete ina pande nne, na kila namba unayoongeza huleta pande mbili zaidi. Kwa hiyo 4, ambayo ndiyo ya kuanzia, hutoa pande 12. Waya wa umeme unaoonekana kwa mbali juu ya paa hautaki zaidi ya pande sita, yaani Resolution ya 1. Bomba litakalojaza nusu ya picha linastahili zaidi.

Bomba lina tatizo lake kwenye kona. Mafundi hupindisha maji kwa kiwiko, na wewe ukitaka kona ya mraba utachagua nukta, utabonyeza V na kuchagua Vector. Kona inapatikana, lakini bomba linakonda hapo hapo. Sababu ni kwamba pete iliyo kwenye kona husimama kwa mshazari kati ya pande mbili huku ukubwa wake ukibaki ule ule. Pete ya mshazari ilipaswa kuwa pana zaidi ili ijaze kona. Kwenye kona ya digrii 90 unene unashuka hadi takriban saba ya kumi.

Dawa yake ni kuipa kona mduara kama kiwiko cha kweli. Njia rahisi ni kuichora njia ya bomba kama meshi ya nukta na mistari mitupu, kuchagua nukta za kona, kubonyeza Ctrl+Shift+B ili zichongwe ziwe za mviringo, kisha kuigeuza meshi hiyo kuwa Curve kupitia Object, Convert. Baada ya hapo unaipa Depth kama kawaida. Mduara wa kona uwe mkubwa kuliko nusu ya kipenyo cha bomba. Ukiwa mdogo, pete za upande wa ndani zitapandana na ukuta wa bomba utajikata wenyewe. Kanuni hiyo inaihusu kila kona ya waya na kila kitanzi cha kamba.

Mkato wa kamba

Kamba yetu ina kipenyo cha milimita 30. Ukiikata kwa msumeno na kuitazama kichwani, utaona duara tatu zinazogusana. Hesabu ya jiometri inasema kila duara iwe na milimita 7 kutoka katikati yake hadi ukingoni, na katikati yake iwe milimita 8 kutoka katikati ya kamba. Jumlisha 7 na 8 upate 15, ambayo ni nusu ya 30.

Mkato huu ni Curve ya pili, iliyo peke yake pembeni. Bonyeza Shift+C ili alama ya 3D Cursor irudi katikati ya dunia, kisha Shift+A, Curve, Circle, na kwenye kisanduku kidogo kinachotokea chini kushoto andika Radius ya 7mm. Ingia Edit Mode kwa Tab, tazama kutoka juu, halafu usogeze duara kwa kuandika G, Y, 0.008. Sasa bonyeza kitufe cha nukta na uchague 3D Cursor, ili mzunguko ufanyike kuzunguka katikati. Nakili kwa Shift+D, bonyeza Esc, kisha andika R na 120. Rudia kunakili na kuzungusha mara moja zaidi. Duara tatu zimekaa pamoja ndani ya kitu kimoja.

Ni muhimu usogezaji huo ufanyike ndani ya Edit Mode. Blender hupima mkato kuanzia kitovu cha kitu chenyewe. Ukikisogeza au kukizungusha kitu kizima ukiwa nje, kamba haibadiliki hata kidogo, na unaweza kudhani programu imekwama.

Rudi kwenye mstari wa kamba. Katika Bevel, badala ya Round chagua Object, kisha uchague mkato wako. Mabomba matatu yaliyonyooka yatatokea yakienda sambamba. Weka alama kwenye Fill Caps, la sivyo ncha zitaonekana matundu matupu. Sasa imebaki kusokota.

Kusokota

Umbali ambao uzi mmoja unahitaji ili uizunguke kamba na kurudi pale ulipoanzia tuuite hatua ya msokoto. Kwa kamba ya nyuzi tatu hatua hii hukaribia mara tatu ya kipenyo. Kamba ya milimita 30 basi huzunguka mara moja kila sentimita 9, na katika mita 2 kuna mizunguko 22 hivi. Mzunguko mmoja ni digrii 360, kwa hiyo jumla ni digrii 7,920.

Njia inayomjia mtu kwanza ni kuchagua nukta ya mwisho ya mstari, kubonyeza Ctrl+T, kuandika 7920 na kubonyeza Enter. Ctrl+T hubadilisha Tilt, yaani kiasi ambacho pete imezungushwa kuufuata mhimili wa mstari. Nukta ya kwanza ina 0, ya mwisho ina 7,920, na pete za katikati hugawana kilichobaki kwa usawa. Wazo ni sahihi, lakini kinachoonekana ni kamba iliyosokotwa kinyume, tena kwa mizunguko miwili tu.

Hesabu inaeleza kilichotokea. Kipande kimoja chenye hatua 12 kimepewa digrii 7,920, na ukigawanya unapata digrii 660 kwa kila hatua. Pete iliyozungushwa digrii 660 hukaa mahali pale pale ambapo ingekaa kama ingezungushwa digrii 60 kinyume, kwa kuwa 720 ni mizunguko miwili kamili. Blender haijui ulikopitia. Inaona pete ilipo sasa, inaziunganisha, na mizunguko 22 inayeyuka.

Wengi wakiona hivyo hupandisha Resolution Preview U hadi 64. Sasa kila hatua inabeba karibu digrii 124, na kasoro inabadilika sura: kamba inapata viuno, yaani imenona kwenye pete na kukonda katikati ya pete mbili. Kumbuka kwamba nukta za pete huunganishwa kwa mstari ulionyooka. Nukta iliyo ukingoni mwa kamba, ikiunganishwa na nukta iliyo karibu upande wa pili, mstari wake hauwezi kupita nje ya kamba. Unakata ndani. Kwa digrii 124 kamba inafinywa katikati hadi chini ya nusu ya unene wake. Ukizungusha digrii 30 kwa hatua, kinachopotea ni kiasi cha tatu au nne katika mia. Ukizungusha 15, kinachopotea hakifiki moja katika mia, na jicho haliwezi kukiona.

Ndipo inapopatikana kanuni ambayo nafanyia kazi kila msokoto: mzunguko mmoja upate angalau pete 24. Kila uonapo viuno vinavyojirudia kwa umbali sawa, au msokoto unaokwenda upande usioutaka, usihangaike na mkato wala na Tilt. Hesabu pete.

Kamba yetu ya mizunguko 22 inataka basi pete 528, na kipande kimoja cha mstari si mahali pa kuzirundika zote. Ondoa Tilt uliyoweka kwa Alt+T. Chagua nukta zote mbili, bonyeza V na uchague Vector ili mstari unyooke, kisha bofya kulia na uchague Subdivide, ukiweka 10 kwenye Number of Cuts. Mstari una vipande 11 vilivyo sawa, na kila kimoja kitabeba mizunguko miwili. Weka Resolution Preview U iwe 48. Digrii 720 zikigawanywa kwa 48 ni 15 kamili.

Kabla ya kusokota, ilegeze kamba. Iliyofungwa kati ya nguzo mbili za gati haikai imenyooka kama rula. Chagua tena nukta zote, bonyeza V na Automatic, kisha chagua nukta mbili za katikati, bonyeza O ili majirani wafuate, na uandike G, Z, -0.2. Rekebisha ukubwa wa eneo linalofuata kwa gurudumu la kipanya, ukihakikisha nukta za nchani hazisogei.

Kilichobaki ni kuipa kila nukta Tilt yake. Zipo 12, na kila moja inataka namba kubwa kuliko iliyotangulia. Tena namba hiyo lazima ifuate urefu halisi wa mstari. Ukitoa mzunguko sawa kwa vipande visivyo sawa, kipande kifupi kitaonekana kimekazwa na kirefu kimelegea. Kazi hii ifanywe na programu fupi. Toka Edit Mode, kamba ikiwa imechaguliwa, fungua ukurasa wa Scripting, bonyeza New, bandika mistari hii na uiendeshe:

```python
import bpy, math
pts = bpy.context.object.data.splines[0].bezier_points
hatua = 0.09
urefu = 0.0
for a, b in zip(pts[:-1], pts[1:]):
    urefu += (b.co - a.co).length
    b.tilt = urefu / hatua * math.tau
```

Programu inatembea kutoka nukta hadi nukta, inajumlisha umbali, na kuuliza: kwa urefu huu, msokoto wa sentimita 9 ungekuwa umefika mizunguko mingapi? Jibu inaliandika kwenye Tilt. Ukibadilisha umbo la kamba, iendeshe tena. Kulegea kumeongeza sentimita chache kwenye urefu, kwa hiyo kila hatua sasa inazidi digrii 15 kidogo, na hilo halina madhara.

Itazame kamba ikiwa imesimama wima mbele yako. Kamba nyingi za nyuzi tatu husokotwa kwa mwelekeo unaofanana na mstari wa kati wa herufi Z, unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Ikiwa yako inafanana na S, weka alama ya kutoa mbele ya `urefu` katika mstari wa mwisho. Mtu aliyezoea kamba ataliona kosa hili hata asipoweza kulitaja.

Kuna mpangilio mmoja zaidi unaogusa mzunguko wa pete. Katika sehemu ya Shape kuna Twist Method yenye chaguo tatu: Minimum, Tangent na Z-Up. Hapa Blender inaamua pete zisimame vipi kabla ya Tilt yako kuongezwa. Minimum hutafuta mzunguko mdogo kabisa katika mstari mzima, nayo huifaa kamba yetu. Z-Up huulazimisha upande mmoja wa mkato utazame juu wakati wote. Huifaa nyaya bapa inayotambaa sakafuni, lakini huvurugika mstari unaposimama wima, kwa kuwa hapo juu na mbele ni kitu kimoja. Kwenye bomba la duara tofauti haionekani. Kwenye nyaya bapa iliyojigeuza mgongo katikati ya njia, hapa ndipo pa kuangalia kwanza.

Ncha inayokonda

Ncha ya kamba hufungwa uzi ili isifumuke, nayo hubanwa ikawa nyembamba kidogo. Hapa ndipo Taper Object inapohitajika. Ni Curve ya tatu, iliyo wazi, unayoichora ukiitazama kutoka juu kutoka kushoto kwenda kulia. Kimo chake juu ya kitovu, kwa mhimili wa Y, ndicho unene: mahali penye kimo cha 1 kamba ina unene kamili, penye 0.6 ina sita ya kumi, penye 0 inaishia kuwa ncha kali.

Urefu wa Curve hii hauna maana, kwa kuwa Blender huivuta ienee kamba nzima. Kinachohesabiwa ni uwiano. Tunataka sentimita 20 za mwisho katika mita 2 ndizo zikonde, nazo ni sehemu ya kumi. Kwa hiyo Curve ya Taper ikae kwenye kimo cha 1 kwa sehemu tisa za kwanza, kisha ishuke taratibu hadi 0.6. Kwa kuwa mkato mzima ndio unaopunguzwa, nyuzi tatu hukonda na kusogeleana kwa pamoja, kama inavyotokea zinapokazwa kwa uzi. Kama iliyokonda ni ncha ya upande mwingine, mstari wako ulianzia upande usioudhania. Ingia Edit Mode, chagua nukta zote, na utumie Switch Direction katika orodha ya Segments.

Kuna mtego mmoja. Blender ina njia nyingine ya kubadilisha unene: kuchagua nukta na kubonyeza Alt+S, ambayo inafaa sana pale kamba inapotakiwa kuvimba mahali pamoja. Lakini ukishaweka Taper Object, mpangilio wa Taper Radius huanza ukiwa Override, na maana yake ni kwamba unene wa nukta hausikilizwi tena. Unabonyeza Alt+S na hakuna kinachotokea. Ibadilishe iwe Multiply, na njia hizo mbili zitafanya kazi pamoja.

Uzito, na mwisho wa njia hii

Pete 528 si kitu kidogo. Kila duara ya mkato ina vipande vinne, na kila kipande kina hatua zake 12, kwa hiyo duara moja ina pande 48. Zidisha kwa duara tatu, kisha kwa 528, na kamba moja imefika vigae 76,000 vya ngozi. Chagua mkato, na katika sehemu yake ya Shape shusha Resolution Preview U hadi 3. Kila duara inabaki na pande 12, na kamba inashuka hadi vigae 19,000. Hapa ndipo pa kupunguza, kwa kuwa pande za uzi mwembamba hazionekani, ilhali ukipunguza pete viuno vinarudi.

Iache kamba ikiwa Curve muda wote unaoweza. Ukishaigeuza kuwa meshi kwa Convert, unene, mkato, ncha na msokoto huganda, na badiliko dogo la njia linakuwa kazi ya nukta elfu. Igeuze tu pale unapohitaji kuigusa ngozi yenyewe, au kuipeleka kwenye programu isiyozifahamu Curve.

Njia hii haiwezi kuzitenganisha nyuzi. Mkato ni mmoja kwa kamba yote, na Taper inaweza kuukuza au kuupunguza lakini haiwezi kuzisogeza duara tatu mbali moja na nyingine. Ncha iliyofumuka, au pacha ambapo nyuzi za kamba moja hupenyezwa kati ya nyuzi za nyingine, haitapatikana hapa. Kwa sehemu hiyo chora Curve tatu, moja kwa kila uzi, kila moja na Depth ya milimita 7, uanzie pale kamba kuu inapoishia. Tilt ya pete ya mwisho itakuonyesha kila uzi uanzie upande gani, na ukifanya hivyo kiungo hakitaonekana.